Cheti Kisicho na Muhuri

Mashine ikisimama, shamba zima lilikwenda kulala kivulini isipokuwa mimi. Mimi ndiyo kwanza nilianza kazi. Nilikuwa karani wa shamba la mkonge chini ya milima ya Uluguru, upande wa njia ya Mikese, zama za Mjerumani, reli ikiwa imeshafika Morogoro na sisi tuliosoma shule za serikali huko pwani tukijiona tumefinyangwa kwa udongo mwingine. Kanzu imepigwa pasi, kalamu ya zambarau sikioni, na viatu. Wakata mkonge walikuwa wakinitania kwamba nikivua viatu nitasahau kusoma, nami nilikuwa nikikasirika, maana sikuwa mtu wa kutaniwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kuandika taarifa. Meneja wetu, ambaye sote tulimwita Bwana tu, alitaka kila mtambo unaposimama niandike kwa Kiswahili katika daftari. Yeye akaigeuza Kijerumani na kuipeleka kwa wenye shamba, Dar es Salaam. Jambo likiwa kubwa alikwenda kwanza stesheni kupiga simu, barua ikafuata na treni. Taarifa ilikuwa na vichwa vinne: Kilichosimama, Hasara, Sababu, Siku ya Kurudi. Chini ya kile cha mwisho hakutaka neno "labda". Nikiandika "labda" alilikata kwa wino mwekundu na kuniuliza kama mimi ni karani au mpiga ramli.

Nguvu ya kiwanda chetu ilikuwa maji. Juu mlimani, mwendo wa saa mbili kwa mtu mwenye miguu mizima, mto ulizuiwa kwa ukuta wa mawe na magogo. Mahali pale paliitwa banio. Maji yalipita kwenye mlango wa mbao unaopandishwa na kushushwa kwa mkono, yakaingia mfereji uliochimbwa ubavuni mwa mlima, yakaufuata hadi juu ya kiwanda, kisha yakateremka kwa nguvu ndani ya bomba la chuma na kuzungusha gurudumu. Gurudumu lilivuta mkanda wa ngozi, na mkanda ukaendesha korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge mpaka zikabaki nyuzi. Maji hayohayo yaliosha nyuzi kabla hazijaanikwa. Yakikatika, hakuna kilichobaki cha kufanya ila kutazamana.

Mlinzi wa banio alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, tumbo moja. Kwetu Uluguru mtu ni wa ukoo wa mama. Baba hukulea na kukupenda, lakini mjomba ndiye mwenye wewe. Ni yeye aliyesimama mbele ya wazee akasema niende shule, wakati wenzake wakisema shule itanila. Alikuwa mfupi, mwenye magoti makubwa, na alipozungumza aliutazama mto badala ya kumtazama mtu. Mke wake, aliyenilea miaka miwili mama alipougua, ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili.

Mjomba hakujua kusoma wala kuandika, lakini alikuwa na taarifa yake. Kila asubuhi alikata tete la mtoni, akalisimamisha majini kwenye jiwe moja analolijua yeye, na maji yakipanda upana wa kidole alichonga mkato mmoja. Mikato miwili ni mvua ya kawaida. Mitatu, utazame mlima. Minne, ushushe mlango, maana mto ukija mwekundu huja na mchanga na mawe, na mlango ukiwa wazi vyote hivyo huingia mfereji. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu mfereji ulipochimbwa, na katika muda wote huo mfereji haukuwahi kupasuka.

Basi mwaka mmoja, masika yakianza, akashusha mlango siku ambayo huku bondeni kulikuwa na jua kali. Mashine zikasimama tangu adhuhuri mpaka jua kuzama. Mafuriko yenyewe hayakuja. Mvua ilikuwa imegeukia upande wa pili wa mlima. Bwana alikasirika akavunja fimbo yake mezani, na nikaandika taarifa huku masikio yananiwaka, maana kila mtu pale alijua yule ni mjomba wa nani.

Hapo ndipo nilipotoa shauri, nalo lilikuwa langu mwenyewe, hakuna aliyeniuliza. Nilisema mlango usishushwe bila cheti cha ofisi. Mlinzi akiona hatari, atume mtu na lile tete lake. Karani atatazama, atapima, atatoa cheti. Kwa kuwa mlinzi hajui kusoma, cheti chenye muhuri mwekundu kitakuwa amri ya kushusha, na kisicho na muhuri kitakuwa amri ya kusubiri. Bwana alifurahi. Alinipiga begani mbele ya watu, na nikatembea wiki nzima kama jogoo aliyesikia kwamba jua linamsubiri yeye.

Nilipanda mlimani kumweleza mjomba. Alisikiliza huku akitazama maji. Kisha akauliza swali moja tu.

"Saa mbili kushuka, saa mbili kupanda. Mto nao utasubiri?"

"Mjomba, hii ndiyo amri ya ofisi."

"Aliyeitoa ni nani?"

"Ofisi," nikasema.

Mkewe alikuwa anamenya viazi. Akacheka kidogo, akasema, "Ofisi hii naijua. Niliiogesha." Mjomba akatabasamu, akakubali. Kama ingekuwa amri ya mtu mwingine, nadhani angebishana.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya masika. Bwana alikuwa amekwenda stesheni kwa sababu tulikuwa tumepewa behewa, na robota za nyuzi zilizobaki zilitakiwa kushindiliwa na kufungwa kabla ya jioni. Majani ya mkonge yalikuwa yamerundikwa kando ya korona kama kuni za harusi. Jua lilikuwa linawaka. Ukitazama mlima uliona wingu limeukalia kichwani, lakini wingu juu ya Uluguru wakati wa masika si habari. Hata kuku hawalitazami.

Karibu na adhuhuri mke wa mjomba akatokea kwenye dirisha la ofisi. Khanga yake imelowa mpaka kiunoni, miguu ina tope jekundu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa haraka, akapitisha tete dirishani.

"Mjomba wako anataka ile karatasi yenye damu," akasema. Ndivyo walivyouita muhuri.

Nikalitazama lile tete. Mikato ilianza chini ikapanda, mingine imebanana, na ule wa mwisho ulikuwa umechongwa ncha kabisa, kama aliyekosa mahali. Sikuihesabu. Huu ndio ukweli, na nimeuzunguka miaka mingi kabla ya kuuandika. Nilikuwa na robota zisizokwisha, nilikuwa na Bwana atakayerudi na behewa, nilikuwa na aibu ya ile siku ya jua. Nikacheka.

"Mjomba sasa anachonga filimbi?"

Hakucheka. "Maji yana sauti leo, mwanangu. Yeye hajakaa chini tangu alfajiri."

"Robota zikitoka, nitampa. Mwambie asubiri mpaka alasiri."

Nikachukua karatasi, nikaandika kwa kalamu ya zambarau, "Subiri mpaka alasiri," nikatia sahihi yangu yenye mkia mrefu. Muhuri ulikuwa hapo mezani, karibu na mkono wangu. Sikuugusa. Akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia kwenye pindo la khanga sehemu iliyobaki kavu, akaondoka bila kuomba hata maji ya kunywa.

Akashika njia ya mlimani.

Alasiri ilipofika, gurudumu lilianza kukohoa. Sina neno jingine. Lilikwenda, likasita, likapiga kishindo, na mkanda ukaruka ukapigwa ukutani. Wakata mkonge wakakimbia. Kutoka kwenye bomba yakatoka maji mazito mekundu, kisha mchanga, kisha kokoto, kisha hayakutoka tena. Tulitazama mlimani tukaona ubavu wa kijani umechanika, na tope linashuka mahali ambapo hapakuwa na mto. Robota zilikuwa bado hazijaisha.

Asubuhi yake nikapanda mlimani na daftari. Ukuta wa banio ulikuwa umekwenda nusu. Mfereji ulikuwa umejaa mchanga hadi ukingoni, na penye kona ya kwanza ukingo ulikuwa umepasuka, pengo la kupita ng'ombe watatu kwa pamoja. Maji yaliyotokea hapo yalikuwa yamekokota matuta ya mboga ya watu wetu, kabichi na vitunguu na mahindi machanga, yakayaacha bondeni. Wanawake walikuwa wanaokota vitunguu kwenye tope, wanavipangusa kimoja kimoja.

Mjomba alikuwa amesimama penye pengo. Nilimwamkia, akaitikia kama siku zote. Hakutaja karatasi, nami sikuitaja. Laiti angenitukana.

"Bwana atauliza siku ngapi," nikasema.

Akaonyesha kwa mkono. Mchanga huu, watu wakipatikana, siku tatu. Ukuta wa mawe, siku moja. Pengo litajazwa udongo wa mfinyanzi na kushindiliwa, na baada ya hapo udongo lazima uachwe siku tatu ukae, ushikane, ndipo uonyeshwe maji. Ukiuonyesha maji kabla haujashikana utayeyuka, na kazi yote itarudi mwanzo. Akakata tete, akachonga mikato saba, akanipa.

"Usipunguze," akasema.

Nikashuka. Bwana alikuwa ananisubiri mezani, kofia kichwani. Nikaandika. Kilichosimama: mtambo wa maji, korona, uoshaji wa nyuzi, ushindiliaji wa robota. Hasara: majani yaliyokwisha kukatwa yatakauka utomvu ndani yake, nyuzi zitatoka na madoa, yakipita siku mbili tatu yatupwe, behewa limeondoka nusu tupu, watu wa kiwandani hawatatiwa alama ya siku kwenye vipande vyao vya kazi. Matuta ya mboga sikuyaandika. Hayakuwa ya shamba.

Nilipofika kwenye Sababu, kalamu ilisita. Bwana akauliza kwa Kiswahili chake kizuri cha pwani:

"Mlinzi aliomba cheti?"

Lile tete la jana lilikuwa ndani ya kapu la taka, karibu na mguu wangu wa kulia. Nilikuwa nalihisi kwenye kifundo cha mguu. Nikasema:

"Hakuomba, Bwana."

"Andika."

Nikaandika: Mafuriko yaliingia mferejini kwa sababu mlinzi wa banio hakushusha mlango, wala hakuomba cheti kama ilivyoamriwa. Maneno yalikaa vizuri kwenye mstari. Mwandiko wangu ulikuwa unasifiwa.

"Siku ya kurudi?"

"Saba, Bwana."

"Meli inaondoka Dar es Salaam kabla ya hapo. Saba haiwezekani. Nne."

Ningeweza kumweleza habari ya udongo kushikana. Nilikuwa nimeambiwa, nilikuwa na tete mfukoni. Lakini mtu aliyekwisha kusema uongo mmoja huwa mwepesi wa kukubali, ili asitazamwe sana. Nikaandika nne. Bwana akachukua daftari, akapanda farasi kwenda stesheni kupiga simu, na njiani akapita bomani kumshtaki mlinzi.

Kesho yake mjomba akaitwa bomani. Nilikuwapo, kwa sababu karani ndiye shahidi wa vyeti. Watu wa mlimani walikuwa wamekaa uani, na mke wa mjomba alisimama nyuma yao karibu na ukuta. Bwana shauri, Mjerumani mkuu wa boma, aliuliza maswali machache kwa sauti ya mtu mwenye mashauri mengine yanayomngoja.

"Ulijua amri ya cheti?"

"Niliijua."

"Uliona maji yanapanda?"

"Niliyaona."

"Uliomba cheti?"

Mjomba alikuwa amevaa kofia yake kuukuu ya kitambaa. Aliivua, akaishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili, na mimi, niliyemjua, nikaona anavyoibana, nikajua kilichokuwa ndani ya bitana yake. Angeitoa tu ile karatasi. Mwandiko ni wangu, sahihi ni yangu yenye mkia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hakutazama kando. Alinitazama mimi, machoni, muda mrefu kuliko inavyofaa mkubwa kumtazama mdogo.

"Sikuomba," akasema.

Nyuma kule mkewe akatoa sauti, kisha akajiziba mdomo kwa khanga. Nilitazama viatu vyangu.

Walimpiga hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Askari alihesabu. Sitaeleza zaidi. Aliyeishi zama hizo ameona, na aliyezaliwa baadaye ashukuru. Nitasema tu kwamba aliinuka mwenyewe, akavaa kofia yake, na alipopita mbele yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani:

"Umeandika siku ngapi?"

Nikamwambia.

Akafikiri. "Wewe ndiye uliyeweka sahihi?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi ziwe nne," akasema, akaanza kupanda mlima.

Kilichofanyika mlimani siku zile tatu zilizobaki nilisimuliwa na wajomba zangu wengine, kwa maana sikuwa na uso wa kwenda. Aliuita ukoo mzima. Wakazoa mchanga tangu jua kuchomoza mpaka giza kuingia, wanaume kwa majembe, wanawake kwa ungo na vikapu, wakiwemo wale walioondokewa na matuta yao ya vitunguu. Wakajenga ukuta. Wakajaza pengo udongo na kuushindilia kwa miguu, wanaimba kama wanaocheza ngoma, lakini udongo ule haukuwa na siku tatu za kushikana. Siku ya nne asubuhi ulikuwa bado mbichi kama ugali unaosongwa.

Basi akafanya hivi. Akakata migomba, akaipanga upande wa ndani wa ukingo kuwa kama ukuta wa pili, akaingia yeye mwenyewe mferejini, akaegemeza mgongo wake juu ya ile migomba. Akaamuru mlango upandishwe taratibu, upana wa kiganja, kisha viganja viwili. Maji ya Uluguru asubuhi ya masika ni baridi ya kukata mfupa. Kila udongo ulipoanza kuyeyuka alipapasa kwa mkono, akakuta tundu, akaomba bonge la mfinyanzi kutoka juu, akaliziba. Walimwomba atoke, mwingine aingie. Alisema mgongo wa mwingine haujui tundu liko wapi. Na mgongo ule, jamani, ndio uliotoka bomani.

Huku chini, mchana wa siku ya nne, gurudumu likazunguka. Mkanda ukapandishwa, korona ikanguruma, watu wakapiga vigelegele. Bwana akatoa saa yake, akafungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari wangu wa Siku ya Kurudi.

"Hivi ndivyo taarifa inavyotakiwa kuwa," akasema. Akanipa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Niliushika. Ulikuwa mkono wa joto.

Mjomba alitolewa mferejini jua likikaribia kuzama, udongo ulipoanza kushika. Hakuweza kukunjua magoti. Walimbeba. Usiku huo akaanza kutetemeka, kesho yake akaanza kukohoa, na keshokutwa kabla ya adhuhuri akafa. Ujumbe ulinikuta ofisini, ninaandika idadi ya robota. Nilivua viatu, nikapanda mlima pekupeku, na mawe yakanikata, na nilifurahi yaliponikata.

Tukamzika alasiri ileile, upande wa juu wa njia, mahali ambapo mto unasikika. Mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea, kwa kuwa ndiye mpwa mkubwa. Alikuwa mwepesi. Watu walinipa pole. Mzee mmoja alisema mjomba wangu ameondoka bila deni na mtu, kwani ahadi ya siku nne kwa Mzungu aliitimiza. Hakuna aliyenitazama vibaya. Ndipo nilipojua kwamba mkewe hakumwambia mtu yeyote, na kwamba alikuwa amekatazwa.

Siku ya tatu asubuhi ilinibidi nishuke ofisini kwanza, maana Bwana alitaka jina la mlinzi mpya. Nikafungua daftari la watu wa shamba, nikatafuta mstari wa mjomba. Mstari mmoja, mwandiko wangu mwenyewe wa zamani, nilipokuwa bado najifunza kuupamba. Pembeni kulikuwa na nafasi ya mtu anapoondoka, na nafasi ya kueleza kwa nini. Nikajaza. Nikakausha wino, nikafunga, nikapanda tena mlimani kuondoa matanga.

Walikwisha kula. Wazee wakanikabidhi vitu vya mjomba, kama inavyompasa mpwa: jembe, shoka, jora la shuka ambalo hakuwahi kulivaa. Kisha nikaambiwa mjane ananiita. Alikuwa ndani, kwenye mkeka, na khanga ya eda imemfunika mpaka paji la uso. Niliketi kizingitini. Yeye ndiye aliyeanza.

"Umekula, mwanangu?"

Nikasema nimekula, ingawa sikuwa nimekula.

Akatia mkono chini ya mkeka, akatoa ile kofia. Bitana ilikuwa imefumuliwa upande mmoja. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Haikulowa. Mtu aliyekaa majini tangu asubuhi mpaka magharibi, mtu aliyetolewa amelowa mpaka kwenye mifupa, alikuwa ameivua kofia yake kwanza na kuiweka juu ya jiwe kavu.

"Alisema hii ni yako," akasema. "Alisema usiiache ikaonekana."

Niliishika. Zambarau yake ilikuwa haijafifia. Nililia hapo kizingitini, kilio kibaya chenye kamasi, na nilitaka anipige, au anifukuze, au apaze sauti watu wote waje wasikie. Nilimwambia, "Mama, mimi ndiye." Nilisema mara nyingi, sijui mara ngapi. Aliniacha mpaka nilipochoka.

Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kujua tu:

"Huko kwenu ofisini, kila kinachosimama mnaandika kimesimamishwa na nini. Na yeye umemwandika?"

"Nimemwandika."

"Umeandika amekufa kwa nini?"

Nje walikuwa wanakunja majamvi. Mto ulikuwa unasikika.

"Homa," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, akaiweka kofia tupu mapajani, akaanza kuinyoosha kwa kiganja.

"Haya, mwanangu," akasema. "Umeshaandika."